Msindikizaji wa katikati: kupima kwa daftari la maagizo kama bei ya kati inasukuma wateja

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anauza maji ya kunywa hapa Lubumbashi, upande wa Bel-Air, kwa bidoni za lita 20, na mimi ndiye ninayemshikia daftari. Kwa muda mrefu alikuwa na abonema mbili za mwezi: bidoni 4 kwa dola 10, na bidoni 10 kwa dola 20. Mwanzoni mwa Oktoba akaongeza ya tatu, akaiweka katikati: bidoni 8 kwa dola 19. Walioinunua walikuwa wachache sana, na hilo halikumsumbua hata kidogo, kwa sababu hakuiweka ili inunuliwe.

Kazi ya hiyo ya kati ni kukaa karibu na kubwa na kuifanya ionekane rahisi. Mtu akitazama 4 kwa 10 na 10 kwa 20, ana swali gumu: je, nyumba yangu inamaliza maji yote hayo? Ukimwekea na 8 kwa 19, swali linageuka: kwa nini nikose bidoni mbili kwa ajili ya dola moja? Mteja mmoja alimjibu yaya kwa sauti ya WhatsApp: "Munane kwa kumi na kenda, kumi kwa makumi mbili? Ulete kumi tu, mama." Hakugusa hata neno moja juu ya bidoni 4.

Kwenye mashindano kuna timu ambayo watu husema imekuja kusindikiza wenzake. Mimi naiita abonema ya namna hiyo msindikizaji. Swali la mwongozo huu ni moja: utajuaje, kwa maagizo yako mwenyewe, kwamba msindikizaji ndiye aliyewasukuma wateja kwenye kubwa, na kwamba hawakwenda huko kwa sababu zao? Namba za daftari nimezinyoosha kidogo ili uweze kuzifuata kwa simu, lakini mitego yote iliyomo ndimo tulimoanguka.

Kwanza, andika ni nini hasa unachotarajia kukiona

Bei ya kati hufanya kazi mbili tofauti, na watu huzichanganya. Kuna ya kati inayouzwa yenyewe: mteja anaogopa ndogo kuwa haba na kubwa kuwa ghali, basi anakimbilia katikati. Hiyo utaijua kwa sababu ya kati ndiyo inayokusanya maagizo. Na kuna msindikizaji, ambaye hauziki, ila jirani yake ndiye anayenenepa. Ukitaka kumpima msindikizaji usihesabu wangapi wameinunua ya kati. Hesabu kilichoipata kubwa.

Msingi wa kipimo ni rahisi. Chukua mgahawa unaouza bukari kwa nyama na bukari kwa samaki. Kati ya watu 100, nyama inachukua 40. Siku mwenye mgahawa anaongeza maharagwe, maharagwe yanaweza kumnyang'anya nyama watu, au kumnyang'anya samaki, au kuvuta watu ambao wasingekula kabisa. Hayawezi kumwongezea nyama watu. Kwa mantiki ya kawaida, sahani mpya haiongezi fungu la sahani ya zamani. Mwaka 1982 Joel Huber, John Payne na Christopher Puto walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kanuni hiyo inavunjika pale kitu kipya kinapokuwa kibaya kuliko kimoja cha vilivyokuwepo, lakini si kibaya waziwazi kuliko kingine. Kile kinachokizidi kitu kipya ndicho kilichoongezeka.

Kwa usahihi, msindikizaji kamili angekuwa bidoni 8 kwa dola 20: bei ileile, maji pungufu, hana lolote la kumtetea. Wa yaya ana dola moja ya kumtetea, kwa hiyo ni msindikizaji wa karibu, si kamili. Nilipendelea hivyo. Abonema isiyo na sababu yoyote ya kununuliwa inamfanya mteja ajiulize kama anachezewa.

Basi niliandika hivi kwenye ukurasa wa kwanza kabla ya kuhesabu chochote: "Kati ya wote walioonyeshwa bei, fungu la wanaochukua bidoni 10 linapanda pale ya kati inapokuwepo." Sentensi hiyo ndiyo itakayokuzuia baadaye kuchagua hesabu inayokupendeza.

Pili, safisha daftari

Daftari la maagizo liliandikwa kwa ajili ya kupeleka maji, halikuandikwa kwa ajili ya swali lako. Mambo manne yalitutoa jasho.

La kwanza ni pesa. Nusu ya wateja hulipa dola, nusu faranka, kwa M-Pesa, Airtel Money au mkononi. Kati ya 19 na 20 kuna dola moja tu, na dola hiyo humezwa na kiwango cha siku na kuzungusha faranka. Ukijaribu kutambua abonema kwa kiasi kilicholipwa, utaandika ya kati kuwa kubwa na kubwa kuwa ya kati. Tambua kwa idadi ya bidoni zilizoagizwa. Kama daftari halina idadi, hiyo safu itupe.

La pili ni wanaorudia. Mama anayeandika "kama kawaida" hakuchagua leo. Alichagua miezi sita iliyopita, na huenda jedwali jipya hajalifungua. Hesabu watu walioonyeshwa bei kwa mara ya kwanza. Wanaorudia tutawarudia baadaye, na wana mambo makubwa.

La tatu ni wale ambao hawapo kwenye daftari: waliouliza bei wakanyamaza. Jedwali jipya linaweza kuwafukuza watu au kuwavuta, na maagizo peke yake hayakuonyeshi hilo. Tulirudi kwenye WhatsApp tukahesabu kila mtu aliyetumiwa picha ya bei, awe alinunua au hakununua. Kazi ya jioni tatu. Bila hiyo usingeweza kujua kama fungu la kubwa limekua au wapenda ndogo wameondoka tu.

La nne ni hapa kwetu: mtu mmoja, laini mbili. Anauliza kwa Airtel leo, kwa Vodacom keshokutwa. Kwa hiyo mteja wetu ni nyumba, si namba. Tuliunganisha kwa mahali maji yanapopelekwa, na namba iliyouliza kwanza ndiyo iliyohesabiwa.

Tuliwaacha nje pia wanaokuja depo wenyewe. Sababu si usumbufu tu. Mwaka 2014 Shane Frederick, Leonard Lee na Ernest Baskin walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba athari hii huonekana vizuri pale vitu vinapoelezwa kwa namba kwenye jedwali, na hudhoofika au kutoweka pale mtu anapokiona au kukionja kitu chenyewe. Mtu aliyesimama depo mbele ya bidoni 10 anafikiria jikoni kwake na mgongo wake. Ukimchanganya na aliyetumiwa picha ya namba tatu kwa simu, unapima mambo mawili kama moja.

Tatu, usidanganywe na kabla na baada

Kila mwenye duka huanza hapa, nasi tulianza hapa. Agosti na Septemba, kabla ya msindikizaji, maagizo ya wateja wapya yalikuwa 239, na 94 yalikuwa ya bidoni 10: asilimia 39. Oktoba, pamoja na msindikizaji, maagizo 142, na 81 ya bidoni 10: asilimia 57. Pointi 18. Yaya alitaka kufunga daftari.

Lakini mkaaji yeyote wa Lubumbashi anajua Oktoba ni nini. Baridi ya Juni na Julai imesahaulika, mvua bado haijashika, na jua linachoma hadi jioni. Watu wanakunywa. Bidoni 10 zingepanda Oktoba hata bila kugusa bei.

Ukiwa na data za zamani tu, na huwezi kufanya jaribio, kuna njia ya kupunguza kosa: tafuta kundi ambalo jedwali jipya halikulifikia. Sisi tulikuwa na nyumba 31 za zamani zinazoagiza kwa simu ya mdomo, wala hazikutumiwa picha. Katika miezi ileile, waliochukua bidoni 10 walitoka 13 wakafika 16, yaani kutoka asilimia 42 hadi 52. Pointi 10 hivi, bila msindikizaji wowote. Toa 10 kwenye 18, unabaki na 8. Nyumba 31 ni chache, na watu watatu tu ndio walioleta hizo pointi 10, kwa hiyo sikuichukua 8 kama jibu. Niliichukua kama sababu ya kufanya jaribio la kweli.

Kuna jambo jingine la mjini lililonitia wasiwasi: noti. Dola 20 ni noti moja. Dola 19 ni noti na chenji ya faranka, na mabishano ya kiwango mlangoni, na labda noti iliyochanika ambayo hakuna atakayeipokea. Je, watu hawakukimbia 19 kwa sababu ya chenji tu? Inawezekana sana, na inaeleza kwa nini ya kati haiuziki. Lakini haielezi kwa nini kubwa ipande, kwa sababu noti ya 20 ilikuwepo tangu zamani, na itakuwepo katika majedwali yote mawili ya jaribio. Kitu kilichopo pande zote mbili hakiwezi kuleta tofauti kati ya pande hizo.

Nne, gawa wateja, si wiki

Wazo la haraka ni wiki hii jedwali la mbili, wiki ijayo la tatu. Tatizo ni mishahara. Wiki ya mwisho wa mwezi pesa ipo, na mtu mwenye pesa huchukua kubwa. Ungehitaji wiki nyingi sana ili kusawazisha hilo.

Tulitumia tarakimu ya mwisho ya namba ya simu. Namba inayoishia na 0, 2, 4, 6 au 8 inapata jedwali A, lenye abonema mbili. Inayoishia na 1, 3, 5, 7 au 9 inapata jedwali B, lenye msindikizaji. Picha mbili zilifanana kwa kila kitu: rangi, herufi, mpangilio, ndogo ikiwa juu na kubwa chini. Hakuna neno "maarufu" wala nyota kwenye yoyote. Ukiweka nyota kwenye B peke yake, utapima nyota.

Excel ya hapa kwetu mara nyingi iko kwa Kifaransa, basi majina ya fomula ni haya. Namba ya simu iko safu B, kundi safu C, abonema safu D:

```
=SI(MOD(CNUM(DROITE(B2;1));2)=0;"A";"B")
=NB.SI.ENS(C:C;"A";D:D;"kubwa")
```

Kabla ya kuanza, jaribu mgawanyo wenyewe kwenye data za zamani, wakati wote walipoona jedwali moja. Katika yale maagizo 239 ya Agosti na Septemba, kundi A lilikuwa na 118, kubwa 46. Kundi B 121, kubwa 48. Asilimia 39 na asilimia 40. Sawasawa. Kama hapo ungeona 30 na 48, ungejua kuna kitu kimejificha kwenye namba au kwenye fomula, na ungekigundua kabla hakijakugharimu miezi.

Picha zitasambaa, usijidanganye. Majirani watatu wa kundi A waliandika: "Mbona mwenzangu ana ya bidoni nane?" Uamuzi tulikuwa tumeufanya mapema: anayeiomba anauziwa, lakini anabaki kwenye hesabu ya A. Ukimhamishia B kwa sababu alinunua kitu cha B, umeanza kuwapanga watu kwa uchaguzi wao, na jaribio limekufa. Kumwacha A kunapunguza kidogo tofauti utakayoiona, na hilo ni kosa la upande wa tahadhari.

Tano, amua urefu kabla ya kuona chochote

Kwa makadirio ya haraka ya watu wanaohitajika kila kundi, chukua 16, zidisha kwa fungu unalotarajia, zidisha kwa kilichobaki hadi moja, kisha gawanya kwa tofauti unayotaka kuiona ikizidishwa kwa yenyewe. Fungu letu ni kama 0.40, na tofauti ndogo kuliko pointi 15 isingebadilisha uamuzi wa yaya:

```
16 * 0.40 * 0.60 / (0.15 * 0.15) = 171
```

Watu 171 kila upande ndio uchache. Ukitaka kuona tofauti ya pointi 5 utahitaji zaidi ya 1,500 kila upande, na muuza maji wa mtaa mmoja hatawapata kabla watoto hawajamaliza shule. Sisi tuliweka wiki 10, kuanzia katikati ya Januari, tukaapa kutokatisha.

Kiapo kilihitajika. Wiki ya tatu tofauti ilikuwa pointi 22, na yaya akataka kuchapisha jedwali B kwenye bango. Wiki ya tano ilikuwa pointi 7. Ukichungulia kila Jumamosi na kusimama siku inayopendeza, mwishowe kila jaribio litakupa ndiyo.

Sita, hesabu, na chunga unagawanya kwa nani

Baada ya wiki 10:

| | Jedwali A | Jedwali B |
|---|---|---|
| Walioonyeshwa bei | 231 | 226 |
| Bidoni 4 | 109 | 79 |
| Bidoni 8 | 3 | 14 |
| Bidoni 10 | 77 | 102 |
| Hawakununua | 42 | 31 |

Fungu la kubwa kati ya wote walioonyeshwa bei: A ni 77 kwa 231, asilimia 33.3. B ni 102 kwa 226, asilimia 45.1. Tofauti ni pointi 11.8.

Upana wa shaka hupatikana hivi, ikiwa idadi za watu ziko G2 na G3, na mafungu H2 na H3:

```
=1,96*RACINE(H2*(1-H2)/G2+H3*(1-H3)/G3)
```

Inatoa karibu pointi 8.9. Kwa hiyo tofauti ya kweli inaweza kuwa popote kati ya pointi 3 na 21 hivi. Ni pana, lakini sifuri haimo. Ile sentensi ya ukurasa wa kwanza imesimama: sahani mpya imeongeza fungu la sahani ya zamani.

Hapa kuna mtego ambao nimeuona kwa watu wenye akili kuliko mimi. Wanasema, ya kati haihesabiki, tuitoe, tulinganishe kubwa na ndogo tu. Basi A inakuwa 77 kwa 186, asilimia 41.4, na B 102 kwa 181, asilimia 56.4. Pointi 15, safi sana. Lakini fikiria dunia ambamo msindikizaji hamsukumi mtu yeyote, ila wateja 14 wa ndogo wanahamia ya kati kwa kuwa wanaipenda. Ukiwatoa kwenye hesabu, ndogo imepungukiwa na 14, kubwa haijapungukiwa, na fungu la kubwa linapanda bila mtu hata mmoja kuwa amehamia kwake. Umetengeneza athari kwa kufuta safu. Gawanya kwa wote walioonyeshwa bei, kila mara.

Tazama pia wapi watu wametoka. Ukigeuza kuwa asilimia, ndogo ilishuka kutoka 47 hadi 35, pointi 12, na waliokataa walishuka kutoka 18 hadi 14. Sehemu kubwa ya waliosukumwa walitoka kwenye bidoni 4. Kushuka kwa waliokataa ni kudogo mno kwa idadi hii, sikukipa maana.

Saba, angalia faida, kisha angalia mwezi wa pili

Mauzo kwa kila aliyeulizia bei: A dola 11.63, B dola 13.70. Yaya alifurahi kwa zile dola 2 na kitu. Lakini kila bidoni inamgharimu kama dola 1.20 kwa maji, kizibo na usafiri. Ndogo inamwachia dola 5.20, kubwa dola 8, na ya kati dola 9.40. Ndiyo, wale 14 waliochagua abonema ambayo sote tuliicheka ndio waliotuachia zaidi. Ukihesabu hivyo, A inaacha dola 5.24 kwa kila aliyeuliza, B dola 6.01. Faida ni senti 77, si dola 2, na kijana wa pikipiki amebeba bidoni nyingi zaidi kuipata.

Mwezi wa pili ndio ulionifundisha. Katika kundi A, kati ya 77 waliochukua bidoni 10, 58 walirudia bidoni 10. Katika kundi B, kati ya 102, walirudia 63. Wengine wengi waliandika kitu kilekile: maji yamebaki, safari hii lete nne.

Usilinganishe 58 kwa 77 na 63 kwa 102 ukaishia hapo. Hao si watu wa aina moja: waliochukua kubwa bila kusukumwa walikuwa na nyumba zinazohitaji kubwa, na waliosukumwa hawakuwa nazo. Rudi kwenye wote walioonyeshwa bei mwanzoni, maana hao ndio waliogawanywa kwa tarakimu. Basi A ni 58 kwa 231, asilimia 25.1, B ni 63 kwa 226, asilimia 27.9. Tofauti ni pointi 2.8, na upana wa shaka ni pointi 8 kila upande. Kwa idadi hii siwezi kuitofautisha na hakuna.

Kwa hiyo msindikizaji alisukuma agizo la kwanza, na tanki la jikoni likarekebisha la pili. Kwa muuzaji wa kitu kinachonunuliwa mara moja, pointi 11.8 ni pesa yake na imekwisha. Kwa abonema ya kila mwezi, mteja ana mwezi mzima wa kuona maji yanayobaki, na namba ya kupima ni ya mwezi wa pili au wa tatu, si ya siku picha ilipotumwa. Ukitumia maagizo ya kwanza tu utaandika ushindi ambao daftari la Aprili litaufuta.

Nilimwonyesha yaya majedwali yote mawili mezani. Akasoma zile sauti za "lete nne", akahesabu ni wangapi wangependa kitu kati ya nne na kumi, akaitoa ile ya 8 kwa 19. Sasa anajaribu bidoni 6 kwa dola 14, ya kati inayokusudiwa kuuzwa kweli, na kipimo chake ni tofauti: hapo safari hii tunahesabu wangapi wameinunua na wangapi wamerudia, si kubwa imepata nini. Kundi jipya tunaligawa kwa tarakimu ya pili kutoka mwisho wa namba ya simu, ili waliowahi kuona msindikizaji wagawanyike pande zote mbili.